Nimwandikie vipi fundi kwamba hatukuchukua kotesheni yake, bila kumdanganya na bila kumfukuza?

MamaStoo
Habari za jioni wanajukwaa. Niko upande wa manunuzi, shule binafsi wilaya ya Kilosa. Tulihitaji seti 60 za viti na meza za wanafunzi, tukaomba kotesheni kwa watu watatu. Mmoja ni fundi wa Morogoro mjini. Alijituma sana, hadi akapakia kiti cha mfano kwenye basi akakileta mwenyewe. Kazi tumempa mtu mwingine. Huyu fundi ningependa abaki karibu maana anajua kazi, ila sitaki kumpa ahadi hewa. Nimeandika hivi, mniambie kama inafaa:

> YAH: KOTESHENI YA VITI NA MEZA
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunashukuru sana kwa kotesheni yako nzuri. Kwa bahati mbaya, kwa sasa hatujaweza kuichagua kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Bei zako ni nzuri na tutakutafuta mara tu nafasi itakapopatikana. Tunatarajia kufanya kazi nawe siku za usoni.

Mkuu wa shule kasema ni nzuri, nitume. Mimi roho inasita.

Kibonge_wa_Msamvu
"Husika na kichwa cha habari hapo juu" 😂😂 Mbona hujamalizia na "Wako katika ujenzi wa taifa"?

Chapakazi
Mnapoteza muda. Andika: "Kotesheni yako haikupita. Asante." Mtu mzima ataelewa.

BintiMakorora
Roho yako inasita kwa sababu ya herufi mbili tu, dada. Umeandika "hatujaweza kuichagua". Hiyo -ja- inamwambia kwamba bado. Leo hatujaweza, kesho huenda tukaweza. Ukisema "sijala", mwenye nyumba anakwenda kupakua. Ukisema "sikula", yamekwisha. Andika "hatukuichagua" na habari itakuwa imefungwa.

FundiRanda
Naomba niseme kama mtu wa upande wa pili. Nina karakana, na barua kama hiyo ya MamaStoo nimeshaipokea, karibu neno kwa neno. Ilikuwa kazi ya makabati ya zahanati moja. Waliandika "kwa sasa hatujafikia kuichukua kotesheni yako, bei zako ni nzuri, tutakutafuta". Unajua nilifanya nini? Mbao nilikuwa nimeshazitenga, zimekauka vizuri, mteja mwingine akaja kuzitaka kwa bei nzuri nikamwambia zina mwenyewe. Nikakaa nazo miezi miwili. Nikipiga simu naambiwa "subiri kidogo fundi, bosi hayupo". Siku moja nimepita pale nikakuta makabati yameshafungwa ukutani, na yana vumbi juu.

Sikukasirika kwa kukosa kazi, kukosa ni kawaida. Nilikasirikia zile mbao.

BintiMakorora
Ndiyo hiyo ninayoisema. "Hatujafikia." Ile -ja- ndiyo iliyokufungia mbao.

FundiRanda
Hapana dada, kusema kweli sikuitazama sarufi hata kidogo. Nilisoma "bei zako ni nzuri". Mtu akikwambia bei yako ni nzuri na hajasema kazi kampa nani, unajua kazi bado iko mezani.

Ngariba_wa_Hoja
Binti, sheria yako ina tundu. Mzee wa miaka 70 akisema "sijaoa", anatafuta mchumba? Nikisema "sijaelewa", namaanisha nitaelewa kesho? Watu wanasema -ja- kila siku bila kumaanisha "bado".

BintiMakorora
Huyo mzee wa miaka 70 mpe nafasi, huwezi kujua 😄. Lakini hata hapo mlango hajaufunga. Akisema "sikuoa" anakusimulia maisha yaliyopita. Akisema "sijaoa" mashangazi wanaanza kupanga.

Ngariba_wa_Hoja
Nakubali nusu. Kwangu mkosaji mkubwa ni "kwa sasa". Hata ukiandika "kwa sasa hatukuichagua", bado umemwachia uzi wa kuvuta.

MzeeWaBohari
Hamjambo. Nimekaa bohari na manunuzi miaka mingi kabla ya kustaafu, hebu niulize kabla hamjaendelea na viambishi. Mama, huyo uliyempa kazi ameshatia saini?

MamaStoo
Shikamoo mzee. Ameshasaini LPO Ijumaa, na malipo ya awali yameingia jana.

MzeeWaBohari
Marahaba. Basi uko salama kuandika. Wengi hutuma barua za kukataa siku ileile kamati inapoamua, kisha mshindi anageuka, anasema chuma kimepanda, na wewe umeshawafukuza wawili wa nyuma. Unarudi kwao unaona haya, nao wanapandisha bei kwa sababu wanajua umekwama. Ngoja mshindi asaini, halafu waandikie wengine mara moja, kabla kotesheni zao hazijaisha muda. Ya huyo fundi ilikuwa ya siku ngapi?

MamaStoo
Siku 30, kuanzia Oktoba 6. Leo ni tarehe 22.

MzeeWaBohari
Kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi yake amejifunga kwako hadi mwanzoni mwa Novemba. Bei ameishikilia, na huenda vifaa pia, kama FundiRanda hapo juu. Barua yako ina kazi ya kumfungua. Ndiyo sababu sentensi ya kwanza baada ya shukrani lazima iseme kazi imekwenda kwa mwingine. Ukiificha chini ya maua, ataendelea kujifunga.

Sasa swali la pili. Sababu hasa ilikuwa nini? Hiyo "nje ya uwezo wetu" siiamini. Mlikaa, mkalinganisha, mkachagua. Ilikuwa ndani ya uwezo wenu kabisa.

MamaStoo
😅 Kweli mzee. Sababu ilikuwa bei. Yeye aliandika 95,000 kwa seti, ukiangalia haraka ndiye wa chini kuliko wote. Lakini chini kwa maandishi madogo kuna "bila kodi", na usafiri kauweka mstari wake, 350,000 kutoka Morogoro. Tulivyopiga hesabu:

95,000 × 60 = 5,700,000
kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18 = 1,026,000
usafiri = 350,000
jumla = 7,076,000

Aliyeshinda aliandika 108,000 kwa seti, kodi ndani, anafikisha shuleni. Jumla 6,480,000. Tofauti ni 596,000.

Chapakazi
Hapo mmemwonea. Kodi si gharama, mnairudishiwa na mamlaka ya mapato. Mlipaswa kulinganisha bila kodi. Yeye ndiye alikuwa rahisi.

MzeeWaBohari
Kwa kampuni ya biashara iliyosajiliwa ungekuwa sahihi kuhusu kodi, ingawa hata ukiitoa kodi pande zote mbili, mshindi bado yuko chini. Shule hapana. Ada ya shule haitozwi kodi hiyo, kwa hiyo shule haina pa kurudishiwa. Ile 1,026,000 inatoka mfukoni moja kwa moja. Walilinganisha ipasavyo.

Chapakazi
Sawa mzee, hilo nimelipokea. Barua yangu ya maneno manne bado naitetea.

Otieno_wa_Nakuru
Salamu kutoka huku. Kwetu Kenya hili si la kuchagua maneno, ni sheria. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, kifungu cha 87, aliyekosa lazima aarifiwe kwa maandishi na apewe sababu. Halafu ana siku 14 za kwenda kulalamika kwa bodi ya mapitio. Mkataba hausainiwi kabla siku hizo hazijapita. Kwa hiyo MamaStoo umekosea kusainisha LPO kabla ya kumwandikia fundi.

MzeeWaBohari
Ndugu Otieno, hiyo ni ya taasisi za umma, na ni ya Kenya. Huku Bara serikali nayo ina utaratibu wake, inanunua kupitia mfumo wa NeST, na waliokosa wanaarifiwa kabla ya mkataba. Lakini mama yuko shule binafsi, anatumia fedha ya shule. Hafungwi na hayo.

Otieno_wa_Nakuru
Ni kweli, sikuliona neno "binafsi". Lakini roho ya sheria ile ichukueni. Mtu akipewa sababu halisi, kotesheni yake inayofuata inakuwa bora. Akiambiwa "bahati mbaya", mwakani ataandika vilevile, bila kodi, kwa maandishi madogo.

Pwani_Tulivu
Jamani na mimi nilikataliwa kazi wiki iliyopita baada ya usaili, wakaniandikia "tutakuhifadhi kwenye kanzidata yetu". Hiyo nayo inamaanisha nini? Nisubiri?

Kibonge_wa_Msamvu
Inamaanisha uko kwenye kanzidata.

Chuma_Ulete
Mimi napinga kutoa sababu. Niko manunuzi ya hoteli. Nilimwambia mleta nyama mmoja "bei yako ilikuwa juu kidogo". Kesho yake asubuhi yuko getini, ameshusha. Nikamwambia tumeshamaliza. Akashusha tena. Akaenda kwa meneja, akamwambia mimi nimekula kwa mwenzake ndiyo maana sitaki bei ya chini. Wiki mbili najieleza. Tangu siku hiyo naandika tu "umechaguliwa mzabuni mwingine", nukta.

FundiRanda
Kaka, tatizo lako ni neno "kidogo". Ukimwambia mfanyabiashara "juu kidogo", umemfungulia mnada. Mimi mwenyewe ningekuja getini.

Chuma_Ulete
Kwa hiyo ningesema "juu sana"? Si ningemtukana?

FundiRanda
Ungesema kazi imeshatiwa saini. Baada ya hapo kushusha kunamsaidia nini?

MzeeWaBohari
Na usimpe bei ya mwenzake. Mama, ile 108,000 usiiandike popote kwenye barua. Mwambie mlichopima na yeye alikosea wapi, inatosha. Bei ya mwenzake si mali yako kuigawa. Ukimpa leo, kesho atajua na yake unaigawa.

Ngariba_wa_Hoja
Lakini hapo juu kaiweka hadharani mbele yetu sote 😂

MamaStoo
Jamani 🙈 hapa hakuna anayenijua. Natumaini.

Haya, nimejaribu tena:

> Yah: Kotesheni yako Na. 047 ya Oktoba 6, seti 60 za viti na meza
>
> Ndugu,
> Asante kwa kotesheni na kwa kutuletea kiti cha mfano hadi shuleni.
>
> Hatukuichagua kotesheni yako. Kazi tumempa mzabuni mwingine na ameshasaini, kwa hiyo bei na vifaa ulivyotushikia uko huru kuvitumia kwingine.
>
> Tulilinganisha kotesheni zote zikiwa na kodi na usafiri hadi shuleni. Kwa hesabu hiyo, jumla yako ilikuwa juu. Ubora haukuwa sababu. Kiti chako tulikikagua, na ulehemu wa miguu ulitupendeza.
>
> Tutakutafuta kwa kazi ijayo.

Mstari wa mwisho ndio unanishinda. Nikiufuta barua inakuwa baridi. Nikiuacha ni uongo, maana sijui kama kazi ijayo ipo.

BintiMakorora
Umetoka mbali! "Hatukuichagua" imekaa pale kama msumari. Mstari wa mwisho, badilisha -ta- iwe -ki-. "Tukiwa na kazi nyingine ya samani, unakaribishwa kuleta bei." Hapo hujaahidi kazi, umeahidi mlango tu.

FundiRanda
Dada Binti, Kiswahili chako kitamu lakini hebu fikiria. "Unakaribishwa kuleta bei." Nitajuaje kama mna kazi? Niwe napita Kilosa kila mwezi kunusa? Hiyo ni kunikaribisha nyumbani bila kuniambia mnakaa wapi. Bora aniambie moja kati ya mawili. Ama "tutakuandikia tukihitaji samani", ama asiseme kitu.

MzeeWaBohari
Hapa FundiRanda ana haki. Kuna vitu viko mkononi mwa mama na vingine haviko. Kazi ijayo haiko mkononi mwake, bajeti haiko mkononi mwake, uamuzi wa kamati hauko mkononi mwake. Orodha ya watu wanaoombwa bei iko mkononi mwake. Aahidi hiyo tu: jina lako limo kwenye orodha yetu ya samani, tukinunua tutakuomba bei pamoja na wengine. Na kama hakuna ununuzi uliopangwa, aseme hakuna.

Chuma_Ulete
Na mama akihama shule? Anayekuja anafuta orodha anaweka shemeji zake. Ahadi itakuwa ya nani?

MzeeWaBohari
Ya shule. Ndiyo maana inaandikwa "tutakuomba", haiandikwi "nitakuomba".

Chuma_Ulete
Shule haina mikono ya kuandika barua, mzee. Mimi nimeona orodha tatu zikifutwa ofisi moja. Bado niko na Binti, -ki- na "unakaribishwa", basi.

Ngariba_wa_Hoja
Mnabishania kiambishi kana kwamba fundi atakipeleka mahakamani. Tatizo la kweli ni kwamba sisi tunaona aibu kusema hapana, ndiyo maana tunatafuta lugha ya kuificha. Bibi yangu alikuwa hakatai mgeni, alikuwa anasema "chai inachemka" hadi mgeni anaondoka mwenyewe.

BintiMakorora
Lakini mgeni alikuwa anaelewa. Lugha ileile, wote wanajua inasemaje. Uso kwa uso unaona macho, unasikia sauti. Kwenye barua pepe "chai inachemka" inasomwa kuwa chai inachemka.

FundiRanda
Na mbao zinanunuliwa.

Kibonge_wa_Msamvu
Kwani lazima barua pepe? Mpigie simu mwambie "fundi, safari hii hapana". Dakika mbili.

MzeeWaBohari
Simu nzuri kwa heshima, hasa mtu aliyebeba kiti kwenye basi. Lakini baada ya simu barua iende. Simu haibaki kwenye faili, na mwenye karakana mwenye mkopo au mshirika anahitaji karatasi ya kuonyesha kwamba kazi haikupatikana.

Halafu mama, kiti chenyewe kiko wapi?

MamaStoo
...

Kiko getini. Mlinzi anakikalia.

Kibonge_wa_Msamvu
😂😂😂😂

FundiRanda
Mnaona sasa. Ubora haukuwa sababu kweli.

MzeeWaBohari
Mama, hicho ni mali ya watu. Huwezi kumwandikia mtu barua ya heshima huku umekalia kiti chake. Kifutwe, kiingizwe ofisini leo, na barua imwambie akichukue lini. Tena hiyo ndiyo njia ya kweli ya kumfanya arudi shuleni kwenu, kuliko hayo ya "siku za usoni".

Chapakazi
Au mkinunue. Kiti kimoja ni shilingi ngapi?

MzeeWaBohari
Mkitaka kukinunua muulizeni kwanza. Msimlipe kama kifuta jasho.

MamaStoo
Nimekitoa getini, mlinzi kaninunia. Nimempigia fundi saa nne asubuhi, kapokea vizuri, kanyamaza kidogo, kasema "sawa dada, ndiyo biashara". Kisha nikatuma hii. Aya za juu ni zilezile, mwisho nimeweka:

> Jina lako limo kwenye orodha yetu ya watu tunaowaomba bei za samani. Hatuna ununuzi mwingine wa samani uliopangwa mwaka huu wa fedha. Tukiwa nao, tutakuomba bei pamoja na wengine, na tutalinganisha kwa njia ileile: kodi ndani, usafiri ndani.
>
> Kiti chako cha mfano kipo ofisi ya manunuzi. Unaweza kukichukua siku yoyote ya kazi, saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri, au tukipakie kwenye basi la Morogoro kwa gharama yetu.

Mkuu wa shule kaipitia, kauliza "mbona hujaweka tunatarajia kufanya kazi nawe?" Nikamwambia hatutarajii. Kacheka, karuhusu.

Chuma_Ulete
Hiyo "tukipakie kwenye basi kwa gharama yetu" nimeipenda kuliko barua nzima. "Tutakuomba bei" bado siipendi.

BintiMakorora
Mimi "mwaka huu wa fedha" ndiyo inanitia wasiwasi. Atahesabu, mwaka wa fedha wenu unaisha lini, na siku hiyo simu italia.

FundiRanda
Italia, na iache ilie. Kupiga simu mara moja kwa mwaka si sawa na kupiga kila Jumatatu.

Ngariba_wa_Hoja
Na ulehemu mlioumwagia sifa? Si ndiyo "bei zako ni nzuri" ya namna nyingine? Mnasifia alichoshinda ili kilichomwangusha kisiume.

FundiRanda
Hapana. Bei nzuri ingekuwa uongo, ndiyo iliyomwangusha. Ulehemu ni kweli, muulize mlinzi.

MamaStoo
Amejibu sasa hivi. Nanukuu: "Nimekuelewa dada, asante kwa kuniambia mapema. Kiti nitakifuata Alhamisi, nina mzigo unakuja njia hiyo. Swali moja: ningeionyesha kodi wazi juu ya ile 95,000 na kuweka usafiri 200,000, ningepata?"

Nimepiga hesabu: 5,700,000 na kodi 1,026,000 na 200,000 ni 6,926,000. Asingepata. Ila nikimwambia "usingepata" si nimeshamwonyesha bei ya mwenzake iko wapi?

Chuma_Ulete
Nilisema mimi. Yuko getini.

MzeeWaBohari
Mwambie kazi imefungwa na hesabu hiyo huwezi kuirudia. Asikupe tena namba ya kulinganisha.

FundiRanda
Mzee hapo umekaza sana. Hashushi bei, anajifunza. Mimi ningependa kujua kama nilikosa kwa usafiri tu au kwa kazi yenyewe. Neno moja tu, "usafiri peke yake usingetosha".

MzeeWaBohari
Leo ni neno moja. Kesho atauliza "na 90,000 je?"

BintiMakorora
"Usingetosha" au "usingalitosha"?

Kibonge_wa_Msamvu
Binti, tafadhali 😂

MamaStoo
Nitamjibu Alhamisi akija kuchukua kiti. Mlinzi kashaniuliza mara mbili kama huyo fundi anauza kimojakimoja.